Usiku wa Wapinzani Wawili

Mwishoni mwa Septemba 2007, timu mbili za vijana zilizokuwa zikifukuzana kwa karibu mwaka mzima zilijikuta zimekwama mahali pamoja. Ya kwanza, Dinosaur Planet, ilianzishwa na wanafunzi watatu wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani: Lester Mackey, David Lin na David Weiss. Ya pili, Gravity, ilitoka Hungaria. Ndani yake walikuwamo vijana waliokuwa wakisomea shahada ya uzamivu, Gábor Takács, István Pilászy na Bottyán Németh, pamoja na mtafiti aliyewatangulia kimasomo, Domonkos Tikk. Kila timu ilikuwa na programu yake, na kila programu ilikuwa imenolewa mpaka ikawa hainoleki tena. Hata hivyo zote mbili zilikuwa zinashindwa, kwa sababu juu yao walikaa watafiti wa maabara za kampuni ya simu ya AT&T, waliojiita BellKor, na pengo lilikataa kuzibika.

Ikiwa imebaki siku moja tu kabla ya dirisha kufungwa, wapinzani hao wakaungana. Hawakuandika programu mpya, wala hawakuwa na muda wa kufanya hivyo. Walichukua majibu ya timu moja, wakayajumlisha na ya timu nyingine, wakagawa kwa mbili. Jibu hilo la katikati, lililowasilishwa kwa jina la When Gravity and Dinosaurs Unite, likawapita BellKor na kukaa kileleni mwa msimamo.

Mtu akisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kuna kiini macho. Wastani wa mshindi wa pili na wa tatu ulipaswa kuangukia mahali fulani kati ya wa pili na wa tatu. Ulipataje kumpita wa kwanza, na hakuna aliyeongeza maarifa yoyote mapya usiku ule? Jibu lipo, na ni hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata kwa kalamu na karatasi. Lakini kwanza tuyaone mashindano yenyewe yalivyokuwa.

Netflix ya wakati huo ilikuwa kampuni ya kukodisha filamu kwa njia ya posta. Mteja alichagua filamu kwenye tovuti, akaletewa diski nyumbani, akatazama, akairudisha kwa bahasha. Kisha aliipa filamu hiyo nyota, kuanzia moja kwa isiyofaa hadi tano kwa aliyoipenda mno. Kampuni ilitumia nyota hizo kubashiri filamu nyingine ambazo mteja huyo angezipenda, kwa programu yake iliyoitwa Cinematch. Tarehe 2 Oktoba 2006 Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni moja za Marekani kwa yeyote atakayebashiri kwa usahihi uliozidi ule wa Cinematch kwa asilimia 10. Na kwa kuwa ilijulikana kwamba kazi hiyo ingechukua miaka, iliwekwa pia zawadi ya kila mwaka ya dola 50,000 kwa timu itakayokuwa imesonga mbele zaidi. Mkesha tunaouzungumzia ulikuwa wa kuwania zawadi hiyo ya mwaka wa kwanza.

Washiriki walipewa nyota zaidi ya milioni 100, zilizotolewa na wateja wapatao 480,000 kwa filamu 17,770. Majina ya wateja yaliondolewa na mahali pake pakawekwa namba. Filamu nazo zilipangwa kwa namba, na filamu namba 1 katika orodha hiyo iliitwa Dinosaur Planet, jina lile lile la timu ya Princeton. Pamoja na data hizo lilikuwapo faili la pili lenye maswali takriban milioni 2.8. Kila swali lilitaja mteja, filamu na tarehe, nyota zikiwa zimefichwa. Kazi ya timu ilikuwa kujaza nafasi hizo kwa makisio, kisha kutuma faili hilo Netflix. Timu iliruhusiwa kutuma mara moja kwa siku. Nusu ya maswali ilitumika kutoa alama iliyoonekana kwenye msimamo, na nusu nyingine ikabaki siri ya waandaaji, ili mtu asipate ushindi kwa kubahatisha na kurekebisha, kubahatisha na kurekebisha, mpaka alama inayoonekana ipande.

Alama yenyewe ilikuwa kipimo cha kosa, kwa hiyo iliyo ndogo ndiyo nzuri. Kwa kila swali, toa nyota za kweli kutoka kwenye makisio, upate kosa. Zidisha kosa hilo kwa lenyewe. Tafuta wastani wa majibu yote, kisha utafute kipeuo cha pili cha wastani huo. Kule kuzidisha kosa kwa lenyewe kuna maana kubwa: kosa la nyota mbili halihesabiwi kuwa mara mbili ya kosa la nyota moja, bali mara nne. Kipimo hiki kinawaadhibu vikali wanaokosea kwa mbali, na kinawavumilia wanaokosea kidogo kidogo. Tukishike hicho, maana ndicho kitakachofumbua fumbo.

Ukimbashiria kila mteja wastani wa nyota za filamu husika, bila kujali yeye ni nani, kosa lako lilikuwa kama 1.054. Cinematch, iliyojengwa na wataalamu wa kampuni, ilifika 0.9514. Lengo la asilimia 10 lilikuwa 0.8563. Maana yake ni kwamba vita yote ya dola milioni moja ilipiganwa ndani ya nafasi isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya nyota. Mwanzoni mwa Septemba 2007, mwezi mmoja kabla ya kufunga, BellKor walikuwa na 0.8728, Dinosaur Planet 0.8769, na Gravity 0.8785. Kati ya wa kwanza na wa pili palikuwa na sehemu nne tu kati ya elfu moja za nyota. Mtazamaji aliyeketi sebuleni kwake asingeweza kuhisi tofauti hiyo hata kidogo, lakini timu zilizokuwa zimekwama zililiona pengo hilo kama ukuta.

Kukwama kwenyewe kulikuwa na sababu. Miezi ya mwanzo alama zilishuka haraka, hasa baada ya Desemba 2006, mshiriki aliyejiita Simon Funk alipoeleza hadharani mbinu yake yote. Mbinu hiyo huipa kila filamu orodha fupi ya namba, na kila mteja orodha kama hiyo. Namba moja ya filamu inaweza kuja kubeba kiasi cha mapigano yaliyomo, nyingine kiasi cha mapenzi, nyingine jambo lisilo na jina. Na namba za mteja zikabeba jinsi anavyovutwa na kila moja ya sifa hizo. Hakuna mtu anayeziandika namba hizo kwa mkono. Kompyuta huanza na namba za kubahatisha, hukisia nyota moja, huona ilivyokosea, husogeza namba kidogo kuelekea kwenye jibu, kisha huenda kwenye nyota inayofuata, na hufanya hivyo mamilioni ya mara. Njia nyingine kubwa ilikuwa ya ujirani: kutafuta filamu zilizopewa nyota kwa namna inayofanana na ile inayoulizwa, na kukisia kwa kuziangalia hizo.

Kila timu ilitwaa njia hizi, ikaongeza zake, ikachanganya. Wiki ilipita kwa nafuu ya elfu moja, nyingine ikapita bila nafuu yoyote. Aliyefika hapo hana kosa moja kubwa la kutafuta na kulirekebisha. Anabaki na makosa madogo yaliyotawanyika katika mamilioni ya makisio, na kila akiyasogeza ya upande huu, ya upande ule yanaharibika.

Sasa turudi kwenye mkesha. Ninachotaka msomaji akione mapema ni kile kilichounganishwa, maana hapo ndipo siri ya kumaliza kazi kwa usiku mmoja ilipo. Lau timu zile zingejaribu kuziunganisha programu zenyewe, zisingefika popote. Programu mbili zilizoandikwa na watu tofauti, katika mabara tofauti, kwa mpangilio tofauti, huchukua wiki kuzifanya zisomane tu, achilia mbali kuzifanya zisaidiane. Lakini mashindano yalikuwa yamezilazimisha timu zote zitoe kitu cha umbo moja: faili la makisio milioni 2.8, kwa mpangilio ule ule wa maswali. Mstari wa kwanza wa faili la Gravity ulijibu swali lile lile la mstari wa kwanza wa faili la Dinosaur Planet, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Hesabu iliyobaki ilikuwa hii, ikirudiwa kwa kila mstari:

```
(A + B) / 2
```

Hakuna timu iliyohitaji kuionyesha nyingine jinsi programu yake ilivyofanya kazi. Siri ya kila mmoja ilibaki kwake. Waliungana kwenye majibu, wala si kwenye mitambo.

Tuchukue mfano mdogo ili tuone kilichotokea ndani ya faili hilo. Mfano huu ni wa kubuni, lakini hesabu yake ni ile ile. Mtazamaji mmoja ametazama filamu nne, na nyota zake za kweli ni 4, 2, 4 na 3. Timu A imekisia 3.2, 2.8, 3.4 na 3.6. Timu B imekisia 3.2, 1.4, 4.6 na 3.8.

Makosa ya A, filamu kwa filamu, ni pungufu 0.8, zaidi 0.8, pungufu 0.6, na zaidi 0.6. Ukiyazidisha kwa yenyewe unapata 0.64, 0.64, 0.36 na 0.36, jumla 2.00, wastani 0.5, na kipeuo chake ni karibu 0.71. Makosa ya B ni pungufu 0.8, pungufu 0.6, zaidi 0.6, na zaidi 0.8. Jumla yake nayo ni 2.00, na alama yake ni ile ile 0.71. Timu mbili, zote dhaifu sawasawa.

Wastani wa makisio yao ni 3.2, 2.1, 4.0 na 3.7. Sasa makosa ni pungufu 0.8, zaidi 0.1, sifuri, na zaidi 0.7. Ukiyazidisha kwa yenyewe na kuyajumlisha unapata 1.14, na alama ya mwisho ni karibu 0.53. Kosa limeshuka kwa robo, na hakuna aliyejua jambo jipya kuhusu mtazamaji huyo wala filamu zake.

Angalia nafuu hiyo ilikotoka. Filamu ya kwanza haikuchangia chochote: timu zote mbili zilikosea upande mmoja na kwa kiasi kimoja, kwa hiyo wastani wao umekosea vile vile. Ya nne imesaidia kidogo sana. Nafuu yote imetoka kwenye filamu ya pili na ya tatu, ambako A alivuta juu na B akavuta chini, au kinyume chake, na makosa yakauana. Ni kama mizani mbili za dukani, moja inayozidisha na nyingine inayopunja: ukipima unga kwa zote mbili na kuchukua katikati unaukaribia uzito wa haki, lakini zikiwa zote zinapunja, katikati yake ni kupunjwa vile vile.

Kipimo cha mashindano nacho kinaupendelea wastani kwa namna ya pekee. Pale ambapo A amekosea kwa nyota moja nzima na B amepatia barabara, wastani unakosea kwa nusu nyota. Ukiyatazama makosa peke yake huoni faida, kwa sababu nusu na nusu ni moja. Lakini makosa huzidishwa kwa yenyewe: moja mara moja ni moja, na nusu mara nusu ni robo. Hata hapo wastani unapata 0.25, na hali timu mbili zikihesabiwa kila moja peke yake zingepata wastani wa 0.5. Ndiyo maana hata tofauti ndogo kati ya wapinzani huleta faida.

Udogo wa tofauti hiyo ndio ulionistaajabisha zaidi nilipoikokotoa. Tuchukue alama za mwanzo wa Septemba, 0.8769 na 0.8785. Kiwango cha kufanana kwa makosa hupimwa kwa namba isiyozidi moja: moja ikimaanisha makosa yanakwenda pamoja kabisa, sifuri ikimaanisha hayana uhusiano. Ili wastani wa timu hizi mbili ushuke hadi 0.8720, yaani chini ya BellKor wa wakati huo, kufanana huko kunahitaji kuwa kama 0.974. Kwa maneno mengine, makosa ya Wamarekani na ya Wahangari yangeweza kuwa karibu mapacha, na ile tofauti ndogo iliyobaki ikatosha kuwavusha wote wawili.

Na kwa kweli yalikuwa karibu mapacha. Sehemu kubwa ya kosa katika kazi hii hakuna programu inayoweza kuiondoa, kwa sababu inatoka kwa watazamaji wenyewe. Mtu huyo huyo huipa filamu nyota tatu akiwa amechoka na nyota nne akiwa na furaha. Mwingine hutoa nyota kwa filamu aliyoitazama mwaka uliopita na ambayo haikumbuki vizuri. Zipo pia filamu zilizowashinda wote. Iliyojulikana zaidi miongoni mwa washiriki ni kichekesho cha mwaka 2004 kiitwacho Napoleon Dynamite, ambacho watu hukipenda mno au hukichukia mno, na mapenzi yao kwa filamu nyingine hayakupi dokezo la upande watakaoangukia. Hapo kila timu ilikosea pamoja na wenzake, na wastani haukuwa na la kufanya. Ongeza kwamba wengi walikuwa wamejifunza kwa Simon Funk yule yule, na unaelewa kwa nini makosa yalifuatana hivyo.

Kwa hiyo mbinu hii ina mipaka, na ni vizuri mwanafunzi anayetaka kuiiga aijue kabla ya usiku wake wa mwisho. Mpaka wa kwanza tumeuona: makosa yanayofanana hayaondoki. Timu mbili zilizonakili mbinu moja kutoka kitabu kimoja hazitapata chochote kwa kuungana. Mpaka wa pili ni tofauti ya uwezo. Chukua timu yenye kosa la 0.87 na nyingine yenye 0.95, na makosa yao yafanane kwa 0.95. Wastani wao wa nusu kwa nusu unatoa karibu 0.90, yaani aliye bora ameharibiwa na mwenzake. Gravity na Dinosaur Planet walifaulu kwa sababu walikuwa karibu kulingana. Pale wasipolingana, dhaifu hupewa uzito mdogo zaidi, tuseme moja ya kumi dhidi ya tisa ya kumi za mwenzake, na wakati mwingine hesabu huonyesha kwamba anastahili sifuri.

Uzito huo haukisiwi kwa macho. Hutafutwa kwa kutumia mifano ambayo majibu yake yanajulikana lakini programu hazikufundishwa kwayo. Netflix ilikuwa imetenga nyota takriban milioni 1.4 kwa ajili ya majaribio ya aina hiyo. Ukizipanga safu tatu, moja ya nyota za kweli, ya pili ya makosa ya A, ya tatu ya makosa ya B, unaweza kuona mapema kama muungano utafaa: zitafute sehemu ambazo ishara za makosa zinapingana. Zikiwa nyingi, ungana. Zikiwa hakuna, lala. Na ukikosa muda wa kutafuta uzito kwa uangalifu, nusu kwa nusu ina usalama wake, kwa kuwa haina kitu cha kurekebisha na kwa hiyo haiwezi kurekebishwa vibaya. Usiku wa mwisho, ukiwa na nafasi moja ya kutuma, huo ni usalama wa thamani.

Vijana hao hawakushinda zawadi ile. BellKor walirudi katika saa ya mwisho kabisa kwa jina la KorBell, wakachukua tena nafasi ya kwanza kwa pengo dogo mno, na mwezi Novemba wakatangazwa washindi wa dola 50,000 kwa alama 0.8712, nafuu ya asilimia 8.43. Lakini itazame kazi waliyoshinda nayo. Watafiti hao watatu, Robert Bell, Yehuda Koren na Chris Volinsky, walieleza kwamba jibu lao la mwisho lilikuwa mchanganyiko wa matokeo 107 tofauti, kila moja likiwa na uzito wake. Walichofanya wanafunzi kwa majibu mawili kwa pupa ya mkesha, wao walikifanya kwa mia moja na saba ndani ya nyumba yao wenyewe.

Baada ya hapo mashindano hayakuwa yale yale. Mwaka 2008 BellKor wenyewe waliungana na BigChaos, vijana wawili wa Austria, wakachukua zawadi ya mwaka wa pili. Mwaka 2009 wakaongeza Pragmatic Theory, wahandisi wawili wa Montreal, Kanada, na tarehe 26 Juni wakawa wa kwanza kuvuka asilimia 10. Kanuni zilitoa siku 30 kwa wengine kujibu. Watu wa Gravity na Dinosaur Planet walikuwa wamekwisha kufungua muungano mpana, ambao kila aliyejiunga angepata fungu la zawadi kulingana na nafuu aliyoleta. Muungano huo ukaungana na miungano mingine, ukaitwa The Ensemble, na katika dakika za mwisho ukaonekana mbele kwenye msimamo wa hadharani. Ilipofunguliwa ile nusu ya maswali iliyofichwa, timu zote mbili zilikuwa na 0.8567. Kanuni zilisema aliyetuma kwanza ndiye mshindi, na kundi la BellKor lilikuwa limetuma dakika 20 mapema. Dola milioni moja zikaenda kwao. Naona uchungu kwa The Ensemble hadi leo, ingawa sidhani kama kulikuwa na njia ya haki zaidi ya kuamua.

Netflix haikuwahi kuutumia mchanganyiko ule wa mwisho. Wahandisi wake walieleza mwaka 2012 kwamba nafuu ya ziada haikulingana na kazi ya kuuingiza katika mfumo halisi, na wakati huo kampuni ilikuwa tayari imeanza kuonyesha filamu kupitia intaneti, ambako kile mtu anachobofya na kukitazama husema mengi kuliko nyota zake. Walichochukua kilitoka mwaka wa kwanza, ule ule wa mkesha wetu: mbinu mbili tu kati ya zile 107. Moja ilikuwa ya orodha za namba, jamaa ya ile ya Simon Funk, yenye kosa la 0.8914. Nyingine ilikuwa mtandao wa neva wa aina iliyoshughulikiwa na kundi la Geoffrey Hinton katika Chuo Kikuu cha Toronto, wenye kosa la 0.8990. Kila moja ikiwa peke yake ilikuwa nyuma sana ya Gravity na ya Dinosaur Planet. Zikichanganywa zilifika 0.88, nafuu ya zaidi ya sehemu kumi kati ya elfu moja za nyota, kwa sababu zilikuwa mbinu za koo mbili tofauti kabisa na makosa yao yalifuatana kidogo kuliko ya majirani. Wahandisi walilazimika kuziandika upya, maana zilikuwa zimejengwa kwa nyota milioni 100 na Netflix ilikuwa na zaidi ya bilioni 5, kisha wakaziweka kazini pamoja.